Meseji ya kwanza kwenda Hamburg

Kazi yangu ya kila siku ni kutafsiri Kijerumani kwenye kampuni ya utalii jijini Dar es Salaam. Natafsiri ratiba, ankara na barua za wageni walioachwa na mizigo yao. Maneno ya watu wawili wanaotafutana yalinifikia kwa njia ya mdogo wangu, binti wa mama mdogo, anayeishi Tanga na kushona sare za shule. Alijiunga na programu ya kutafuta wachumba, akakutana humo na bwana mmoja wa Hamburg, fundi wa lifti, aliyepanga kuja Tanzania mwezi wa Desemba. Wote wawili walikuwa na Kiingereza cha kubahatisha. Mdogo wangu akaniomba, "Dada, niandikie wewe, nisije nikaonekana mshamba."

Nilimwambia aandike kwanza kwa Kiswahili, kama anavyoongea. Aliniletea hii: "Habari za leo kaka yangu. Natumaini u mzima wa afya. Mimi namshukuru Mungu ni mzima. Nimefurahi kuona picha zako, unaonekana ni mtu mwema. Ningependa tujuane zaidi. Karibu sana Tanga. Ubarikiwe." Mwishoni aliweka makopa mekundu.

Ni meseji ya mtu aliyelelewa vizuri. Mama yangu angeisoma, angemsifu. Tatizo ni kwamba Ujerumani, kwa miaka mingi sasa, polisi na mashirika ya kutetea walaji yamekuwa yakiwatahadharisha watu kuhusu matapeli wa mapenzi mtandaoni, na dalili wanazotaja zinajulikana: mtu usiyemjua anakuja na maneno matamu mapema, anakusifu bila kukufahamu, anataka mhamie haraka kwenye WhatsApp, anakwepa simu ya video, kisha anaanza kusimulia shida. Adabu yetu ya kusalimiana, kuombeana heri na kumwita mgeni kaka, ikiingizwa kwenye Kijerumani neno kwa neno, inafanana mno na hizo dalili. Tena ile meseji haikuwa na kitu hata kimoja kilichomhusu yeye peke yake. Ingeweza kutumwa kwa wanaume mia, na ndivyo matapeli wanavyofanya.

Kwa hiyo sikuitafsiri bado. Nilimpigia simu nikamuuliza maswali. Ni nini hasa kilikufanya usimame kwenye wasifu wake? Akacheka, akasema ni picha moja ambayo bwana yule yumo kwenye mtumbwi mwembamba, amevaa koti la mvua, na ameshika kasia kama mtu asiye na haraka. Wewe na maji mkoje? Akasema amezaliwa Tanga na bado maji yakimfika kiunoni anarudi nchi kavu. Unataka kujua nini kwake? Kama atakuja kupanda Kilimanjaro tu, au atafika pwani pia.

Basi Kijerumani nilichoandika, ukikirudisha kwa Kiswahili, kilikuwa hivi: "Habari. Kwenye picha ya mtumbwi umevaa koti la mvua na bado unaonekana umeridhika. Hapo ni ziwa la Alster? Mimi naishi Tanga, kando ya bahari, nashona sare za shule na magauni. Nimekulia pwani lakini maji yakinifika kiunoni natoka. Umeandika unakuja Desemba: ni mlima tu, au na pwani? Salamu kutoka Tanga." Nilimsomea kwa Kiswahili kabla hajaituma, sentensi moja baada ya nyingine. Akauliza salamu ya afya imeenda wapi. Nikamweleza kwamba kwa Mjerumani, kumwona mtu kwenye picha yake na kumuuliza kuhusu kile anachokipenda ndiko kumjulia hali. Uchangamfu wote ulikuwa wake. Nilichofanya ni kuuhamisha kutoka kwenye maneno ya heri na kuuweka kwenye mambo madogo ya kweli.

Hapo pia ndipo nilipojiwekea sharti ambalo sikuliacha hadi mwisho: chochote kinachokwenda kule lazima kiwe kimetoka kinywani mwake. Nina uwezo wa kubadili mpangilio na kuondoa kisichosomeka, lakini sina ruhusa ya kumtungia utani, hisia au habari. Siku watakayoonana, atakutana naye yeye, hatakutana na mimi.

Jibu lilikuja kesho yake jioni. Nilikuwa kazini, hivyo mdogo wangu aliliingiza kwenye programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu yake. Alinipigia akiwa amechanganyikiwa. Meseji ilianza na "Mpendwa" na jina lake, ikaishia na "salamu za upendo", na katikati bwana yule alikuwa amesema ameshaandikiwa na watu wengi wa uongo na anataka kwanza waonane kwa video. "Dada, huyu ananipenda au ananiita tapeli?"

Hakuwa anafanya lolote kati ya hayo mawili. Mjerumani huanza barua kwa neno "Liebe" anapomwandikia mwanamke anayemfahamu kidogo, hata kama ni jirani au mwalimu wa mtoto wake, na "Liebe Grüße" mwishoni ni salamu ya kawaida kabisa. Maneno hayo asili yake ni upendo, lakini siku hizi uzito wake ni kama "Habari" na "Wasalaam". Nikiyaacha kama "mpendwa" na "upendo", nampa mdogo wangu joto ambalo mwandishi hakuliweka. Hiyo si tafsiri ya ukarimu, ni hatari, kwa sababu mtu hufungua moyo na mlango kulingana na joto analodhani amelipata.

Lile ombi la video ndilo lililonichukua muda. Kwa Kijerumani lilikuwa na heshima: nataka kuwa mkweli, nimepata wasifu nyingi za uongo, je, tungeweza kuonana kwa video dakika chache kabla hatujaendelea? Kama hupendi, hakuna shida. Kule, kusema sababu waziwazi ni kumheshimu mwenzio, maana humwachi akisie. Kwetu sentensi hiyohiyo, ikija mapema bila kutanguliwa na kitu, inakwaruza. Nilimpa mdogo wangu matoleo mawili. La kwanza lilikuwa maneno yake yalivyo, bila kupunguza neno. La pili lilikuwa kama mtu wa Tanga mwenye nia ileile angelisema: "Nashukuru umeniandikia, na nimefurahi ulivyoiona ile picha. Samahani kama nakuharakisha. Nimewahi kuandikiwa na watu ambao si wao, ndiyo maana naomba tuonane kidogo kwa video kwanza." Nikamwambia wazi kwamba lile "samahani" nimeliongeza mimi, ili asije akadhani bwana yule ni mpole kuliko alivyo. Akakaa nayo, kisha akasema, "Mbona na mimi nilitaka kumwona kwanza." Tahadhari yao ilikuwa moja. Ilikuwa imevaa nguo tofauti tu.

Akaandika mwenyewe, "Sawa, nipigie saa mbili usiku," akataka kuituma kupitia ile programu ya kutafsiri. Nilimwomba asubiri. Saa mbili usiku yetu, ikitafsiriwa bila akili, inakuwa saa nane za usiku wa manane kule. Mwanamke anayemwambia mwanamume asiyemjua ampigie saa hiyo ameshasema jambo jingine kabisa. Niliandika 20:00 saa za Tanzania, na pembeni 19:00 saa za Hamburg. Ilikuwa katikati ya Oktoba. Baada ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo wao hurudisha saa nyuma, na tofauti inakuwa saa mbili, hivyo 20:00 yetu ni 18:00 yao. Tangu siku hiyo kila miadi tuliandika saa za pande zote mbili kwa tarakimu.

Programu ya wachumba ilikuwa na simu ya video ndani yake, na nilimsisitizia watumie hiyo. Namba ya simu asitoe bado. Hapa kwetu namba si namba tu. Mtu yeyote akiiingiza kama anayetaka kutuma pesa, jina kamili lililosajiliwa linatokea kabla hajathibitisha. Namba pamoja na picha ya kibanda cha ushonaji vinatosha kumfikisha mtu mlangoni. Bwana wa Hamburg hakukasirika. Kwake, mtu kung'ang'ania kuhamia WhatsApp ndiko kungemtia wasiwasi.

Walizungumza, mimi nikiwa pembeni kwa simu nyingine. Alikuwa yeye kweli, na pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi. Baada ya hapo meseji zikawa ndefu, na kazi yangu ikahamia kwenye jambo ambalo sikulitarajia, yaani ndugu.

Mdogo wangu alikuwa ameshamwambia kwamba baba yake amefariki. Wiki chache baadaye akaandika kwa furaha, "Baba ameleta machungwa kutoka Muheza." Kwa msomaji wa Tanga hakuna tatizo hapo, ni baba mdogo. Kwa msomaji wa Hamburg, aliyekwisha kutahadharishwa kwamba tapeli hujulikana kwa kujichanganya, baba aliyekufa amefufuka. Niliandika "mdogo wa marehemu baba, ambaye kwetu naye ni baba". Hivyohivyo kwa "kaka" zake, ambao wengi ni watoto wa shangazi na mama wakubwa. Tuliandika kila mmoja ni mtoto wa nani, mara ya kwanza anapotajwa.

Kisha likaja neno rafiki. Aliandika, "Naishi na rafiki yangu, tunagawana kodi." Rafiki huyo ni msichana anayesuka nywele. Kwa Kijerumani "Freund" ni rafiki wa kiume, na mwanamke akisema "rafiki yangu" kwa neno hilo, msikilizaji anaelewa kwamba ni mpenzi wake. Programu ya simu ilikuwa imechagua neno hilohilo. Lingepita hivyo, bwana yule angesoma kwamba mdogo wangu anaishi na mwanamume wake. Niliandika "rafiki mmoja wa kike, msusi". Upande wa pili nao ulikuwa na mtego huohuo: alipoandika kwamba rafiki yake mmoja wa kike aliwahi kwenda Zanzibar, simu ya mdogo wangu ikamletea "mpenzi wangu". Nilimwonyesha kwamba Kijerumani kilisema "rafiki mmoja" na hakikusema "rafiki yangu", na tofauti yote imo humo.

Jambo zito zaidi lilikuwa namna ya kusimulia shida. Novemba goti la mama yake lilimsumbua, naye akaandika, "Mama anaumwa, mguu umevimba, sijui tutafanyaje." Kwetu habari kama hiyo inasemwa ili uambiwe pole. Ukiambiwa pole, umepata ulichotaka. Kwa yule bwana, shida iliyoachwa ikining'inia bila mwisho ni utangulizi wa ombi la pesa. Nilimuuliza mdogo wangu kama anataka kumwambia. Akasema ndiyo, kwa nini amfiche, ndiyo maisha yake. Nilimuuliza ilikuwaje baadaye. Akasema walikwenda hospitali ya Bombo, akapewa dawa na kuambiwa apumzike, sasa anatembea polepole. Basi tukaandika habari nzima hadi mwisho wake: mama aliugua, amekwenda hospitali, anaendelea vizuri, na mimi nilichelewesha kukujibu kwa sababu nilikuwa naye. Hakuna kilichofichwa na hakuna kilichoachwa kikidai jibu. Alijibu kwa kuuliza habari za mama na kusimulia goti lake mwenyewe, alivyolibomoa kwenye mpira akiwa kijana. Naamini hapo ndipo urafiki wao ulipoanza.

Kuna siku mambo yalienda bila mimi. Mdogo wangu alimwandikia kwa ile programu ya kutafsiri, "Karibu nyumbani ukija," na "Pole na kazi." Pole ya kazi ilimfikia kama masikitiko kwamba ana kazi, akauliza kwa nini amsikitikie, anaipenda kazi yake. Hilo lilikuwa dogo. Kuhusu karibu, alijibu kwa furaha kwamba atakuwa huru tarehe 14 hadi 16 Desemba, anaomba anuani, na je, aje na mfuko wake wa kulalia? Mdogo wangu alishtuka. Mwanamume asiyemjua anataka kulala kwao! Bwana hakuwa amekosa adabu. Kule mtu akikualika nyumbani amekualika nyumbani, na kumpa tarehe ni kuonyesha kwamba umelichukulia neno lake kwa uzito.

Wengi wetu tungenyamaza, au tungejibu "tutaona Mungu akijalia" tukitumaini ataelewa. Hataelewa, atasubiri anuani. Niliandika, kwa idhini yake: "Kwetu 'karibu nyumbani' ni salamu ya kumfurahia mgeni, na nilimaanisha kwamba nitafurahi ukija. Kulala nyumbani haiwezekani, kwa sababu hatujaonana bado na naishi na mwenzangu. Ukifika Tanga, tukutane mchana Raskazone, nitakuja na rafiki yangu, tutakula pamoja." Mdogo wangu aliisoma na kusema ni kali mno. Nilimwambia asubiri jibu. Jibu lilikuwa la mistari miwili: ameelewa, ni busara, atatafuta hoteli, na anaulizia samaki gani wanaliwa Raskazone.

Kuhusu ukimya pia nililazimika kumshika mkono. Kulikuwa na wikendi ambayo bwana hakuandika kuanzia Ijumaa. Jumamosi usiku mdogo wangu alikuwa na meseji tayari: "Mbona kimya? Nimekukosea nini?" Kwa Kiswahili kuna kubembeleza ndani yake. Kwa Kijerumani inasomeka kama mtu anayedai maelezo, na kwa watu waliozunguka kwenye hizo programu, kudaiwa maelezo mapema hivyo ni dalili ya mtu wa kukukaba baadaye. Sikuitafsiri. Nilimwambia sababu, na kwamba akitaka bado nitaiandika, kwa kuwa ni meseji yake. Akaamua kusubiri. Jumatatu ilikuja habari ndefu ya kuhamisha vyombo vya dada yake.

Sentensi moja tu niliikataa kabisa kuilainisha. Mdogo wangu alimuuliza anatafuta nini hasa, naye akajibu kwamba hana uhakika, waonane kwanza, na waone kitakachotokea. Kiswahili chetu kingeweza kuisema hiyo kwa namna ya matumaini: "tuone Mungu atatujalia nini". Ingependeza, na ingekuwa uongo. Nilimwandikia: "Anasema hajaahidi kitu, na asingependa udhani ameahidi." Namna ya kusema naweza kuibadilisha nikijua sababu. Ahadi, kukataa na kutokuwa na uhakika sivigusi. Alinyamaza muda, kisha akasema afadhali amejua sasa.

Desemba alikuja. Walionana Raskazone, alasiri, rafiki msusi akiwepo. Samaki walikuwa wazuri, mazungumzo yalikuwa mazuri, na mdogo wangu alirudi nyumbani akijua kwamba moyo wake haukwenda huko. Akaniomba nimwandikie, "Siku hizi niko bize sana, tutawasiliana." Kwa mtu wa huku hiyo inatosha, ataelewa na atajitoa kwa heshima. Yule wa Hamburg angesubiri ubize uishe, na angeandika tena Januari, na Februari, mpaka mmoja wao aumie. Nilimweleza hivyo. Tukakaa kwenye simu tukitafuta maneno yaliyo yake lakini yasiyo na mlango uliorudishwa nusu: "Nilifurahi kukuona na nashukuru ulivyokuja kwa adabu. Nimejua kwamba sitaki uhusiano wa mapenzi nawe. Nimekuambia mapema ili usisubiri. Nakutakia safari njema ya mlimani."

Alijibu jioni ileile. Alishukuru kuambiwa wazi, akasema amehuzunika kidogo, akauliza kama anaruhusiwa kubaki na picha walizopiga. Mdogo wangu akasema za ufukweni abaki nazo, lakini ile ya kibandani, yenye bango la namba yake ya simu nyuma, aifute. Nikaiandika hivyohivyo. Akajibu kwamba ameshaifuta.